Nani Anakula? Nadharia za Sadaka na Kafara Mbele ya Mnyama wa Idi

Ikisiri

Makala haya yanazilinganisha nadharia nne za sadaka ya damu, kuanzia ile inayoiona kuwa zawadi kwa mungu hadi ile inayoiona kuwa ukatili wa jamii uliohamishiwa kwa mhanga mmoja. Mfano unaotumika ni uchinjaji wa Idi katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao wa Afrika Mashariki. Hoja inayojengwa ni kwamba nadharia nyingi zimeitafuta maana ya sadaka katika tendo la kuua, ilhali sheria ya tendo lenyewe inaitafuta maana hiyo katika mgawanyo wa nyama. Aidha, makala yanaonesha kuwa mwandishi wa Kiswahili anayechagua kati ya sadaka, kafara na mhanga huwa ameshachagua nadharia kabla ya kuanza kuchambua.

Uteuzi wa neno

Lugha nyingi za Ulaya zina neno moja la Kilatini linalobeba kila aina ya mnyama anayechinjwa kwa ajili ya dini. Kiswahili hakina neno la namna hiyo. Kina sadaka, neno linalomhusu zaidi maskini kuliko mnyama. Kina kafara, linalohusu balaa linaloondolewa. Kina tambiko, linalowahusu wahenga. Kina dhabihu, lililoenea zaidi kupitia tafsiri za Biblia. Na kina mhanga, ambalo siku hizi husikika zaidi katika kauli ya kujitoa mhanga. Kwa Waislamu liko pia neno mahususi la mnyama wa Idi, udh-hiya, ambalo mwandishi analazimika kulichunga kwa kistariki lisije likasomwa udhia, yaani kero.

Wingi huo wa maneno una athari za kinadharia. Mwanafunzi anayefasiri maandishi ya Edward Tylor, Marcel Mauss au René Girard analazimika kuchagua neno moja tangu ukurasa wa kwanza. Akiandika kafara, msomaji wake tayari anaona kitu kinachobeba mabaya na kutupwa. Akiandika sadaka, msomaji anaona mkono unaopokea. Hakuna lililo baya kati ya hayo mawili, lakini kila moja limekwisha kutoa hukumu juu ya suala ambalo wananadharia hao walilibishania kwa karne nzima. Ili kuziona nadharia hizo zikifanya kazi, ni vyema kuanza na mnyama mmoja.

Ng'ombe mmoja, watu saba

Kwa mujibu wa fikihi ya Shafi, kama ilivyopangwa na Imamu Nawawi (aliyefariki 1277) katika kitabu cha Minhaji ambacho kimesomeshwa kwa vizazi vingi katika mwambao, udh-hiya ni sunna iliyotiliwa mkazo. Mbuzi mmoja ni wa mtu mmoja, na ng'ombe au ngamia mmoja anaweza kuwatosha watu saba. Mbuzi na ng'ombe wawe wametimiza miaka 2, na ngamia miaka 5. Asiwe chongo, kilema wa wazi, mgonjwa wa wazi, wala aliyekonda hadi kukosa uboho. Wakati wake huanza siku ya 10 ya Mfungo Tatu, jua likishapanda na kupita muda unaotosha kuswali rakaa mbili na kutoa hotuba mbili, na huisha jua la siku ya 13 linapotua.

Sharti la watu saba lina jambo ambalo nadharia zinalipita kimyakimya. Shafi, tofauti na Hanafi, hawalazimishi wabia wote saba wawe na nia moja, wala hata wawe wote na nia ya ibada. Chukua basi ng'ombe aliyetoa kilo 140 za nyama, kila mbia kilo 20. Watatu wamekusudia udh-hiya ya sunna. Wa nne aliweka nadhiri kwamba akipona ugonjwa atachinja. Wa tano na wa sita wanafanya akika, kila mmoja ya binti yake aliyezaliwa. Wa saba ana mkahawa na anataka nyama tu.

Koo moja limekatwa, kwa kisu kimoja, kwa kutajwa jina la Mungu mara moja. Lakini zile kilo 20 haziendi njia moja. Watatu wa sunna wanaweza kula, kuwapelekea jamaa na majirani, na ni wajibu wao kumpa maskini sehemu fulani ikiwa mbichi, ili aipike atakavyo au hata aiuze. Hawaruhusiwi kuuza chochote, hata ngozi. Mwenye nadhiri haruhusiwi kuonja. Yeye na wale anaowalisha wanakaa kando, na kilo zote 20 ni za maskini. Wenye akika wanapendekezewa kuipika nyama kabla ya kuigawa, kinyume cha udh-hiya. Na mwenye mkahawa atauza sehemu yake bila lawama yoyote, kwa kuwa kwake yeye hakuna kilichotokea isipokuwa kununua nyama.

Nadharia yoyote inayoiweka maana ya sadaka ndani ya mnyama, au ndani ya lile pigo la kisu, italazimika kueleza jinsi mnyama mmoja na pigo moja vilivyozaa mambo manne. Sheria haipati shida hiyo. Inatofautisha kwa nia, kisha inaifanya nia ionekane kwa kuuliza ni nani anakula.

Zawadi isiyofika

Tylor, katika kitabu chake cha 1871 kuhusu utamaduni wa binadamu wa kale, aliiona sadaka kuwa zawadi anayopewa mungu kama anavyopewa chifu. Mwanzoni mungu huihitaji kweli. Baadaye huipokea kama heshima tu. Mwishoni thamani yake huwa katika maumivu ya mtoaji anayejinyima. Ni maelezo mepesi, na wepesi wake ndio uliyoyafanya yadumu. Yakiwekwa mbele ya uchinjaji wa Idi yanakwama mara mbili. Aya ya 37 ya sura ya Hija inakana waziwazi kwamba nyama au damu humfikia Mungu. Kinachofika ni uchamungu. Na aya ya 36, iliyotangulia, inamwamuru mchinjaji ale na alishe. Zawadi ambayo mpokeaji ametangaza kuwa haimfikii, na ambayo mtoaji ameamriwa kuila, inalinyoosha neno zawadi kupita uwezo wake.

William Robertson Smith aliona udhaifu huo mapema. Katika mihadhara yake iliyochapishwa 1889 kuhusu dini ya Wasemiti, alidai kuwa asili ya sadaka si zawadi bali mlo: watu na mungu wao hula pamoja nyama ya mnyama aliye ndugu yao. Ushahidi wake mkuu ulikuwa simulizi inayohusishwa na Nilo, juu ya Waarabu wa Sinai waliomla ngamia mbichi na kummaliza kabla jua halijachomoza. Wanahistoria wa baadaye wameitilia shaka simulizi hiyo, kwa kuwa ina sura ya hekaya ya watakatifu kuliko ya habari ya aliyeona. Hata hivyo, Smith aliuliza swali lililo sahihi, yaani swali la mlo. Alikosea kumweka mungu mezani. Katika udh-hiya wanaokaa mezani ni watu watupu, na sheria nzima ni orodha ya watu hao.

Henri Hubert na Mauss, katika insha yao ya 1899, waliacha kutafuta asili na kuchora muundo: kuna mwenye sadaka, ambaye hali yake ya kidini hubadilika, kuna mchinjaji, kuna mnyama anayesimama kati ya ulimwengu mtakatifu na wa kawaida, kuna kuingia na kuna kutoka. Sehemu ya muundo huo inaonekana Idi. Anayekusudia kuchinja anatakiwa asikate nywele wala kucha tangu mwezi uandame hadi amchinje mnyama wake, na hilo linafanana mno na kuingia katika hali maalumu. Lakini mchinjaji si kuhani. Mwenye sadaka anaweza kuchinja mwenyewe au kumwakilisha mwingine, mahali popote palipo safi. Hakuna madhabahu. Muundo unasimama upande wa mwenye sadaka na kulegea upande wa mnyama, ambaye kwa mwenye mkahawa hakuwahi kuwa mtakatifu hata kidogo.

Nadharia inayokaribia zaidi imefichwa mahali ambapo wasomaji wengi hawasimami. Katika insha ya Mauss juu ya zawadi, iliyotoka 1925, mna dokezo fupi kuhusu sadaka za maskini. Mauss anataja neno la Kiarabu sadaka pamoja na ndugu yake wa Kiebrania zedaka, akisema kuwa awali yalihusu haki na baadaye yakawa ni kuwapa maskini. Maelezo yake ni kwamba miungu imekubali mafungu yaliyokuwa yakiharibiwa kwa ajili yao bila faida yawaendee maskini na watoto. Anaongeza mfano wa Wahausa, ambao wakati wa homa za msimu wa mavuno huwagawia maskini nafaka ili kujikinga. Msomaji wa Kiswahili anaingia katika dokezo hilo kama anayeingia nyumbani, maana neno linalochambuliwa analitumia kila siku. Linachokosa dokezo ni ushahidi wa hatua kwa hatua, na mnyama wa Idi anao.

Ushahidi huo uko katika habari mbili za hadithi. Ya kwanza inahusu akiba ya nyama. Mwaka mmoja Mtume aliwakataza watu kubaki na nyama ya udh-hiya zaidi ya siku tatu. Mwaka uliofuata akaruhusu, akaeleza kwamba katazo lilitokana na maskini wa jangwani waliokuwa wameingia mjini kwa dhiki. Hapa kanuni ya ibada imepanda na kushuka kwa kipimo cha njaa ya mtu mwingine. Ya pili ni ya Hija ya mwisho, mwaka 632, ambapo ngamia 100 walitolewa. Mtume akachinja 63 kwa mkono wake na Ali akamalizia. Ali aliamriwa agawe nyama, ngozi na hata matandiko ya wanyama hao, na asimpe mchinjaji kitu chochote katika hivyo kuwa ujira. Ujira wake utoke mfukoni.

Katazo la ujira linaonekana dogo. Kwa hakika ndilo linaloutenga mgawanyo huu na soko, na pia na mabadilishano ya zawadi ambayo Mauss aliyaona kila mahali. Mchinjaji akiwa maskini, au rafiki, anaweza kupewa pande la nyama kama wengine. Akipewa pande lilelile kuwa malipo, sadaka imeharibika. Nyama ni ile ile na mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni kwamba sasa kuna deni linalolipwa. Mauss aliamini kwamba zawadi daima hudai marejeo. Sheria ya udh-hiya inajua hatari hiyo na inaziba mlango wake ulio karibu zaidi, ule wa mtu ambaye tayari ametoa jasho. Haizibi yote, kwani jirani aliyepelekewa mguu leo ataurudisha kwa namna yake mwakani, na hakuna faqihi anayemzuia.

Ni nani anayefichwa damu

Girard alikuja 1972 na kitabu kilichogeuza mjadala. Kwake sadaka si zawadi wala mlo. Watu huigana tamaa, wakagombea kitu kimoja, na ugomvi ukaenea hadi jamii ikakaribia kujimaliza. Kisha bila kupanga wanamwelekea mmoja, wote dhidi yake, wakamuua, na amani ikarudi. Uchinjaji wa kidini ni marudio ya tukio hilo kwa mhanga wa badala. Ili ufanye kazi, washiriki wasijue wanachokifanya. Ukatili lazima ufichwe kwao wenyewe.

Girard hakuupita Uislamu kimya. Katika sura ya kwanza anataja simulizi ya Kiislamu kwamba kondoo aliyeshushwa kuwa badala ya mwana wa Ibrahimu ndiye yule aliyetolewa na Habili. Kwake mnyama huyo ameokoa uhai mara mbili: Habili alikuwa na mnyama wa kumwagia ukatili wake na hakuua, Kaini hakuwa naye na akaua. Huu ni usomaji wenye nguvu, na haufai kupuuzwa. Hadithi ya Ibrahimu ni hadithi ya badala. Kurani yenyewe, katika sura ya Assaffati, inatumia neno la fidia. Asiyetaka kusikia harufu ya damu ya binadamu nyuma ya kondoo atakuwa anasoma akiwa amejiziba pua.

Ugumu unaanza pale simulizi inapoachwa na tendo kutazamwa. Kwanza, mnyama hatuhumiwi lolote. Hapigwi, hatukanwi, hazungushwi mjini akibeba dhambi za watu. Anachaguliwa kwa uzima wake na kunoneshwa. Girard angejibu kwamba utakatifu wa mhanga ndiyo athari inayobaki baada ya tuhuma kusahauliwa. Inawezekana, lakini jibu la aina hiyo linaukubali ushahidi wowote, na kwa sababu hiyo halithibitishwi na wowote.

Pili, na hili ni zito zaidi, ufichaji uko upande usiotarajiwa. Adabu za kuchinja zinaagiza kisu kiwe kikali, kisinolewe mnyama akitazama, na mnyama mmoja asichinjwe mbele ya mwenzake. Damu inafichwa, lakini anayefichwa ni mnyama. Mwenye sadaka anapendekezewa kinyume chake: achinje mwenyewe akiweza, na akimwakilisha mtu, ahudhurie na kushuhudia. Nadharia ya Girard inahitaji jamii isiyojua na mhanga anayejua. Idi inataka watu wajue na mnyama asijue.

Tatu, umati unaweza kuondoka kabisa na ibada ikabaki. Huko Mina, ambako mahujaji wengi walichinja kila mmoja kwa mkono wake na nyama nyingi ikapotea, Saudi Arabia ilianzisha mwaka 1983 mradi wa kutumia nyama ya wanyama wa Hija, ukisimamiwa na Benki ya Maendeleo ya Kiislamu. Hujaji analipia hati, mnyama anachinjwa machinjioni kwa niaba yake, na nyama iliyogandishwa husafirishwa kwa maskini wa nchi nyingine. Mtu anaweza kulalamika kwamba hapo roho ya tendo imepungua, na wapo wanaolalamika. Lakini wanavyuoni walioukubali mradi hawakuona kuwa nguzo imevunjika. Kama sadaka ingekuwa ni kundi kutuliza hasira zake mbele ya koo linalokatwa, machinjio ya Mina yangekuwa ndiyo mwisho wake. Kilichohangaikiwa kilikuwa nyama iliyokuwa inaoza bila mlaji.

Njia panda

Hata hivyo Girard ana makao katika Kiswahili, nayo ni neno kafara. Katika mazoea ya mwambao, kafara ni mnyama au chakula kinachotolewa ili balaa liondoke, na mara nyingi hupelekwa nje ya makazi au kuachwa njia panda. Hakiliwi na mwenye kukitoa. Anayekiokota anaogopewa, kwa kuwa inaaminika ameokota na kilichomo. Hapa ndipo kuna mhanga anayebeba kitu cha wengine, na ndiyo maana magazeti humwandika ofisa aliyefukuzwa kwa kosa la wakubwa wake kuwa ametolewa kafara. Kiswahili kina hata neno bangusilo, mtu wa kusukumiwa lawama za watu, ambalo linafaa zaidi kulifasiria wazo la Girard kuliko kafara yenyewe, maana linabeba lawama bila kubeba uchinjaji. Wale wanaotumia mbuzi wa kafara wakumbuke pia kwamba katika Mambo ya Walawi 16 mbuzi wako wawili: anayechinjwa si anayebeba dhambi, na yule wa Azazeli anayezibeba huachwa aende nyikani akiwa hai.

Kipimo cha mlo kinatenganisha vizuri hapa. Udh-hiya inaliwa na mwenyewe na wengine. Nadhiri inaliwa na wengine, mwenyewe hali. Kafara ya njia panda haitakiwi kuliwa na yeyote, na atakayeila analipa. Kadiri walaji wanavyopungua ndivyo nadharia ya zawadi inavyonyamaza na ile ya mhanga inavyopata sauti. Nadharia hizi si wapinzani wanaogombea mnyama mmoja; kila moja ilizaliwa kwa kutazama mnyama tofauti, kisha ikadai wote.

Linabaki suala la kileksikografia ambalo halijapata mjadala wa kutosha. Katika fikihi, kafara (kwa Kiarabu, kitu kinachofunika) ya mtu aliyevunja kiapo ni kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa. Asiyeweza hufunga siku tatu. Katika aina hiyo mnyama hahitajiki kabisa, na chakula kinaliwa chote. Msomi wa chuo na bibi anayepeleka chungu njia panda wanatumia neno moja: la kwanza linajaza matumbo kumi, la pili linawatahadharisha wapita njia wasiguse. Kamusi inayoziweka maana hizo mbili chini ya kidahizo kimoja, ikizitenganisha kwa nukta mkato tu, inamwachia mfasiri wa Girard na mfasiri wa Mauss mtego uleule.